Saa Yenye Taa ya Kijani: Inajua Nini Juu ya Mwili Wetu?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda tuzungumzie kitu ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona mkononi mwa kijana wenu, au kwenye meza za wauzaji mjini Arusha. Ni ile saa inayoungana na simu, ambayo wengine huiita saa janja, na ile ndogo zaidi iitwayo bangili ya mazoezi. Nyingine huletwa na ndugu walio ng'ambo. Nyingine wapanda mlima huwaachia wapagazi wao kama asante. Na siku hizi zipo nyingi za bei nafuu ambazo boksi lake limeandikwa kwamba zinapima mapigo ya moyo, oksijeni, presha na hata sukari.

Hatuandiki ili kuwakataza kuzivaa. Zina faida yake. Lakini kati ya hizo namba zinazoonekana kwenye kioo, iko ya kuaminika, iko ya kuaminika nusu, na iko ambayo ikiaminiwa inaweza kumpeleka mtu kaburini. Zote zinaandikwa kwa ukubwa uleule na kwa rangi ileile nzuri. Kazi yetu leo ni kuzitofautisha.

Ili somo lieleweke, tuchukue mfano wa familia moja, tuseme inakaa Usa River. Baba ana miaka 58, ana kisukari na hujichoma insulini. Kijana wao wa miaka 24 ni mpagazi, hupanda Mlima Meru pamoja na wageni. Binti yao aliye Dar es Salaam amewatumia bangili mbili za namna moja, moja ya baba na moja ya kaka yake. Boksi linasema inapima kila kitu. Tuwafuate hatua kwa hatua.

JE, ITAELEWANA NA SIMU YENU?

Bangili peke yake huonyesha saa, hatua na namba chache. Ili uiwashe mara ya kwanza, na ili uone kumbukumbu za siku zilizopita, lazima iungane na simu kupitia programu maalumu ya kampuni iliyoitengeneza. Simu ya kitochi haiwezi kazi hiyo. Baba wa familia yetu anatumia kitochi. Basi bangili yake itabidi iunganishwe na simu ya mama, na kila itakapotakiwa kusoma kumbukumbu, simu ya mama iwe karibu.

Hata simu ya kupangusa si lazima ifae. Kwenye boksi huandikwa maneno kama `Android 6.0 or above` au `iOS 12.0 or above`. Hayo ndiyo masharti. Ya kwanza yahusu simu nyingi tunazotumia hapa, ya pili yahusu iPhone. Namba yake ni toleo la chini kabisa linalokubalika. Kuangalia toleo la simu yako, fungua `Settings`, kisha `About phone`, halafu soma palipoandikwa `Android version`. Ikiwa boksi linataka 8.0 na simu yako ni 7.0, acha fedha yako mfukoni.

Liko jambo jingine linalowakamata watu wengi. Saa za Apple huungana na iPhone tu. Ukipewa na mgeni, nawe una simu ya namna nyingine, hutaweza kuiwasha itumike. Nazo saa za Samsung Galaxy za tangu mwaka 2021 hazikubali iPhone. Bangili ndogo za kampuni kama Xiaomi na Huawei kwa kawaida hukubali simu za pande zote mbili.

Na ikiwa saa ni ya mtumba, mwombe aliyekupa aiondoe kwanza kwenye akaunti yake akiwa bado mbele yako. Saa ya Apple ambayo haikuondolewa hubaki na kufuli liitwalo `Activation Lock`, na fundi wa mtaani hawezi kulifungua kwa njia ya halali. Vilevile dai chaja yake. Chaja za vitu hivi ni za sumaku, na ya aina moja mara nyingi haiingii kwenye aina nyingine. Saa bila chaja yake ni pambo la wiki moja.

Siku ya kuunganisha mnahitaji intaneti ili kupakua programu na kufungua akaunti. Baada ya hapo saa na simu huongea kwa `Bluetooth`, isiyokula bando, katika umbali wa mita kama 10 hivi. Simu ikiwa mbali, bangili huweka kumbukumbu zake yenyewe na kuzihamisha mtakapokutana tena.

TAA ILIYO CHINI YA SAA

Sasa geuzeni bangili muitazame upande unaogusa ngozi. Mtaona vitundu vya kioo, na mara nyingine taa ya kijani ikimetameta. Hapo ndipo ilipo siri yote. Bangili haina sindano, haina mpira wa kubana mkono, haina sikio la kusikiliza moyo. Ina taa na jicho dogo la kupokea mwanga. Basi.

Taa hiyo humulika ngozi. Damu hunyonya sana mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu nyingi kidogo huingia katika vijishipa vya mkono, nao mwanga unaorudi kwenye jicho hupungua. Moyo ukipumzika, damu hupungua na mwanga unaorudi huongezeka. Saa huhesabu kupanda na kushuka huko, nayo ikakuandikia: mapigo 72 kwa dakika.

Tukishika jambo hilo moja, kwamba saa hii inaona mwanga tu, yote yaliyobaki yatakuwa mepesi kuelewa. Kila namba ambayo mwanga huonyesha moja kwa moja ni yenye nguvu. Kila namba ambayo saa inaikisia kutokana na mwanga ni dhaifu.

MAPIGO YA MOYO: NAMBA YENYE NGUVU, LAKINI SI WAKATI WOTE

Mtu akiwa ameketi kwa utulivu, bangili nzuri huhesabu mapigo vizuri. Baba wa Usa River anaweza kuhakikisha yeye mwenyewe. Aketi dakika 5. Aweke vidole viwili vya kati kwenye kifundo cha mkono usio na saa, upande wa kidole gumba, asikie mshipa unaodunda. Mama ashike saa na kuhesabu dakika nzima. Wakipata 74 na bangili inasema 72 au 77, bangili iko sawa. Warudie mara tatu kwa siku tofauti. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100. Vijana wenye mazoezi mazito huweza kuwa chini ya 60 bila ugonjwa.

Ikiwa vidole na bangili vinatofautiana kila mara kwa zaidi ya 10, angalieni kwanza uvaaji. Bangili ivaliwe juu kidogo ya mfupa wa kifundo, upana wa kidole kimoja, ikaze kiasi cha kutocheza lakini isiache alama. Isafishwe jasho na mafuta. Chale yenye wino, yaani tatuu, huweza kuzuia mwanga. Basi ivaliwe mkono mwingine. Lakini kama vidole vyenyewe vinasikia mapigo yasiyo na mpangilio, mara mawili ya haraka, mara kimya, mara moja kubwa, hapo tatizo huenda si la bangili. Baba aende kituo cha afya apimwe moyo.

Kwa yule kijana mpagazi mambo ni tofauti, kwa sababu yeye hatulii. Anapotembea, mkono wake hupepea, misuli hucheza, bangili huteleza kwenye jasho. Yote hayo hubadili mwanga unaorudi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima saa za namna hii kwa watu wa rangi mbalimbali za ngozi. Waliona kwamba makosa ya kuhesabu mapigo huongezeka mtu anapokuwa katika shughuli kuliko anapopumzika, karibu asilimia 30 zaidi. Kwa upande wa mapigo, rangi ya ngozi haikuleta tofauti kubwa. Hiyo ni habari njema kwetu, lakini shikeni kwamba ilihusu mapigo tu. Habari ya oksijeni tutaiona mbele.

Kosa moja la mwendoni ni rahisi kulitambua. Hatua za mtu pia zina mdundo. Saa huweza kuchanganyikiwa ikahesabu hatua badala ya moyo. Kijana anashuka mlima kwa kasi, hatua zake ni 150 kwa dakika, nayo saa inaandika mapigo 150. Asimame. Kama namba inaanguka ghafla katika sekunde chache hadi 100, basi ilikuwa hatua. Moyo wa kweli hushuka taratibu.

BETRI: TAA HULA MOTO

Taa hiyohiyo ndiyo inayomaliza betri. Kampuni huandika kwenye boksi siku nyingi, kwa mfano siku 14 au 16 kwa bangili ndogo. Namba hiyo hupatikana wakati vitu vingi vimezimwa. Ukiamuru ipime moyo kila dakika, ipime oksijeni usiku kucha, na kioo kiwake muda wote, tegemea nusu yake au chini ya hapo. Saa kubwa zenye kioo kama cha simu hukaa muda mfupi zaidi; kwa miaka mingi Apple wenyewe waliandika saa 18 kwa saa zao za kawaida, maana yake ni kuchaji kila siku.

Kwa hiyo pangeni kwa kazi. Baba yuko nyumbani na umeme upo. Apime moyo kila dakika 10 au 30, achaji Jumamosi jioni anapooga. Kijana anakwenda mlimani siku 3 au 4. Achaji ijae siku ya kuondoka, azime kupima oksijeni usiku, azime kioo cha kuwaka muda wote. Baridi nayo huzinyong'onyeza betri za namna hii. Usiku bangili ikae mkononi ndani ya blanketi, si juu ya meza ya kambi. Ikizimika kwa baridi huku ikionyesha kuwa ilikuwa na asilimia 30, mara nyingi huwaka tena ikipata joto la mwili.

OKSIJENI: NAMBA YA KUAMINIKA NUSU

Sasa tupande mlima. Njia ya Meru huanzia lango la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza watu hulala Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili hulala kambi ya Saddle, mita 3,570. Usiku wake hupanda kilele, mita 4,566. Hewa ya kileleni ina uzito wa zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, hivyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Ndiyo maana oksijeni ya damu hushuka kwa kila mtu, hata mwenye afya. Huku chini Arusha mwenye afya huwa na asilimia 90 na zaidi, mara nyingi kati ya 94 na 98. Kule juu ya Saddle kuwa chini ya 90 ni jambo la kawaida.

Wapagazi wengi siku hizi hutazama namba hiyo kwenye saa. Tuwaeleze inavyopatikana. Saa hutumia taa mbili, moja nyekundu na nyingine ambayo macho hayaioni. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hunyonya taa hizo kwa viwango tofauti. Saa hulinganisha mwanga unaorudi wa taa moja na wa nyingine, kisha hutafuta jibu katika jedwali lililotengenezwa zamani kiwandani kwa kupima watu waliojitolea. Saa basi haipimi oksijeni yenyewe. Inalinganisha mkono wako na mikono ya watu hao.

Hapa kuna udhaifu wa aina tatu. Wa kwanza ni baridi. Mkono ukipoa mishipa hujifunga, damu haiji, na saa hukisia. Inaweza kuandika 71 kwa mtu anayecheka na kula vizuri. Wa pili ni mwendo. Kipimo hiki kinataka mtu aketi, mkono ukae juu ya meza au goti bila kutikisika kwa sekunde 15 hadi 30, na kucheza kidogo tu huharibu.

Wa tatu ni rangi ya ngozi, na huu ni mzito zaidi kwetu. Mwezi Desemba 2020 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kulinganisha kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kile cha hospitali, na damu iliyotolewa mshipani. Waliwaangalia wagonjwa ambao kidole kilionyesha 92 hadi 96, yaani namba ya kuridhisha. Kati ya wagonjwa weusi, karibu 12 katika kila 100 damu yao ilikuwa kweli chini ya 88. Kati ya weupe walikuwa karibu 4 katika 100. Kwa maneno mengine, kipimo kilikuwa kinawaambia watu weusi kwamba wako salama wakati hawako, mara tatu zaidi ya weupe. Na hicho ni kipimo cha hospitali, kinachomulika kidole kikapenya upande wa pili. Bangili humulika juujuu ya kifundo cha mkono tu, palipo na damu haba. Kampuni nyingi huandika kwa maandishi madogo kwamba namba ya oksijeni si ya matibabu. Wasemavyo ni kweli.

Sasa tumwone kijana wetu. Amefika Saddle alasiri. Kichwa kinamuuma, ametapika mara moja, chakula hakitaki. Anatazama bangili: 93. Anajiambia, "Niko sawa, usiku napanda." Hapo ndipo watu hufa. Ugonjwa wa mlima hautambuliwi kwa saa. Hutambuliwa kwa dalili: kuumwa kichwa, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida. Mwenye dalili hizo asipande zaidi, hata kama saa inaandika 99. Apumzike palepale, anywe maji, na mwenzake amwangalie.

Ziko dalili mbili za kuteremka mara moja, hata kama ni usiku. Moja ni kupumua kwa shida hali umeketi, hasa pamoja na kikohozi; hayo ni maji kwenye mapafu. Ya pili ni kuyumba. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, au akizungumza maneno yasiyoeleweka, ubongo umeanza kuvimba. Kutoka Saddle hadi Miriakamba ni mita 1,056 kwenda chini, na kimo hicho mara nyingi hutosha kuokoa maisha. Asiteremke peke yake. Aambiwe kiongozi wa msafara na askari wa hifadhi anayefuatana nao. Mpagazi asione aibu kusema kwamba anaumwa kwa kuogopa kupoteza siku ya kazi.

Je, namba ya oksijeni haina kazi kabisa? Ina kazi ndogo. Kijana akijipima kila jioni kwa namna ileile, ameketi, mkono umepashwa joto ndani ya koti, ataona mwenendo wake. Kama wenzake wote wako 86 hadi 89 naye mara tatu mfululizo anapata 74, hata kama hajisikii vibaya, amwambie kiongozi. Namba ya chini ni sababu ya kuangalia tena. Namba ya juu isiwe kamwe sababu ya kupuuza dalili.

PRESHA NA SUKARI: NAMBA ZA KUKATAA

Turudi Usa River kwa baba. Bangili yake imeandika presha 121/79 na sukari 5.8. Amefurahi. Tumwombe afanye jaribio moja dogo, ambalo hapa chini ya Meru halina gharama: achukue ndizi mbichi nene, aifunge bangili kama mkono, abonyeze kupima. Bangili nyingi za namna hii zitaandika mapigo ya ndizi, na nyingine zitatoa hata presha yake. Jicho linatafuta mwanga unaobadilika, likipata chochote programu hujaza iliyobaki. Mapigo yatokee kwenye ndizi tunaweza kusamehe, maana hata saa nzuri hukosea hivyo. Lakini kifaa kilichoipa ndizi presha ya 118/76 kimetuonyesha kwamba presha ya baba nayo ilikisiwa.

Presha ni nguvu ya damu kusukuma kuta za mshipa. Kuipima kwa hakika kunataka kuubana mkono, kama inavyofanya mashine ya presha. Ziko saa chache za bei kubwa zenye mkanda unaojaa upepo kwelikweli, na ziko nyingine, kama za Samsung, ambazo hutaka uzirekebishe kwa mashine halisi ya presha kila baada ya siku 28. Bangili ambayo haijawahi kukuomba mashine ya presha na wala haibani mkono, haijui presha yako.

Sukari ni zaidi. Tarehe 21 Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwatahadharisha watu wasitumie saa wala pete inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ikieleza kuwa haijaidhinisha hata moja. Ikumbukwe kwamba kuna vifaa vingine vyenye kijisindano kinachokaa chini ya ngozi ya mkono au tumbo, ambavyo hutuma namba kwenye saa. Hivyo ni vya kweli, lakini hapo anayepima ni kijisindano. Saa inasoma tu barua.

Tazameni hatari ilivyo. Asubuhi moja baba anaamka akitoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamchanganya. Bangili inasema 5.8, kwa hiyo wanadhani ni malaria, na anajichoma insulini kama kawaida. Lakini kama angetoboa kidole, glukomita ingemwambia 2.9. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, na insulini juu yake inaweza kumzimisha. Kilichotakiwa ni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha kupima tena kidole baada ya dakika 15, na kurudia ikiwa bado iko chini. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, asilazimishwe kinywani, akimbizwe hospitali. Mfano huu tumeutunga, lakini mwili hufanya hivyo hasa.

Siku nyingine hali hugeuka: glukomita ingesema 17, bangili inasema 5.8 ileile, naye anaacha dawa. Madhara ya sukari ya juu huja polepole kwenye macho, figo na miguu, na hakuna atakayeilaumu bangili.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa familia hii ni mwepesi. Baba aendelee na glukomita yake, na vijiti vyake vinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Bangili aivae kwa ajili ya hatua na mapigo. Kama programu inaruhusu, mama azifiche kurasa za sukari na presha zisionekane, kwa sababu namba iliyo mbele ya macho hujaribu moyo kila siku. Na binti wa Dar es Salaam aambiwe ukweli kwa upole: safari ijayo atume boksi la vijiti au mashine ya presha ya mkono wa juu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Ketini dakika 5, mpime mapigo kwa vidole na kwa saa. Tofauti ni ngapi?

2. Je, simu mliyo nayo ni toleo gani, na boksi la saa linataka lipi?

3. Kijana wenu aendaye mlimani ataje dalili mbili za kuteremka mara moja bila kungoja asubuhi.

4. Nani nyumbani hutumia insulini au vidonge vya kisukari, na mara ya mwisho alitoboa kidole lini?